Mnyororo wa umiliki unaokatikia Mauritius

"Ndugu wanajukwaa, BRELA inaonyesha kuwa kampuni inayotukodisha ghala hapa Kizota inamilikiwa na kampuni ya Mauritius, na hapo njia inakatika. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, tafuta kampuni dada, kwa sababu daftari la wazi la Mauritius halikupi wanahisa wa kampuni za namna hiyo. Ikiwa kundi hilo lina kampuni Uingereza, ingia Companies House, daftari la kampuni la huko, ambako hesabu za mwaka hupakuliwa bure, ukasome maelezo ya mwishoni yenye kichwa "Ultimate controlling party", yaani mwenye udhibiti wa mwisho.

Mimi nilipofuatilia mnyororo kama huu, maelezo hayo yalitaja kampuni mama ya Luxembourg ya aina ya Sàrl, na kwa bahati nzuri wanahisa wa aina hiyo huandikwa kwenye daftari la huko. Nikakuta familia moja ina hisa 60% za kampuni hiyo, na kampuni hiyo ya Luxembourg inamiliki 80% ya ile ya Mauritius, iliyokuwa na hisa zote za kampuni ya Dodoma. Wengi hukosea hapa: wakizidisha wanapata 48% na kusema familia haina wingi, ilhali hiyo ni sehemu ya faida tu, katika kila ngazi kura nyingi ni zao, hivyo wao ndio wenye udhibiti, isipokuwa mkataba wa wanahisa useme vinginevyo.

Tazama pia tarehe ya kufunga hesabu, maana hisa zinaweza kuwa zimeuzwa baadaye.