Malalamiko ya mgawanyo wa vipindi: "imepokelewa" peke yake si jibu

Maswali ya safari hii yametoka shule za sekondari za binafsi, na karibu yote yamezaliwa na jambo moja: ratiba imebadilishwa katikati ya muhula na mwalimu ameandika barua. Sheria inayohusika ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004.

Mwalimu wangu wa Kiingereza kaniandikia malalamiko rasmi kwamba kaongezewa vipindi kwa upendeleo. Sijachunguza bado. Nimjibu nini kwa sasa? (Mkuu wa shule, Morogoro)

Mjibu ndani ya siku tatu za kazi, hata kama hujui bado nani mkweli. Barua ya kwanza haitoi hukumu. Inathibitisha kuwa malalamiko yamefika, inaonyesha umeyaelewa vipi, inataja atakayeyasikiliza, na inaweka tarehe. Tuseme ratiba mpya ilianza Jumatatu 2 Machi 2026 na barua yake ikagongwa muhuri wa kupokelewa Jumatatu 9 Machi. Jibu linaweza kuwa hivi:

"Rejea barua yako ya tarehe 9 Machi 2026 kuhusu mgawanyo wa vipindi, iliyopokelewa ofisini siku hiyo hiyo.

Tumeelewa unalalamikia mambo matatu: kuongezewa vipindi 6 vya Kidato cha Nne kuanzia 2 Machi bila kushauriwa, kubakishiwa ulezi wa bweni juu ya nyongeza hiyo, na walimu wengine wa idara kutoongezewa chochote. Kama tumeacha jambo au tumelielewa vibaya, tujulishe kwa maandishi kabla ya 16 Machi.

Malalamiko yako yatasikilizwa na Makamu Mkuu wa Shule, ambaye hakushiriki kupanga ratiba hiyo. Kikao ni Jumanne 17 Machi, saa 8:00 mchana, ofisini kwake. Unaweza kuja na mfanyakazi mwenzako au kiongozi wa tawi la chama chako. Utapewa uamuzi kwa maandishi, pamoja na sababu zake, Ijumaa 27 Machi. Usiporidhika, unaweza kukata rufaa kwa Meneja wa Shule hadi Jumatano 8 Aprili. Barua hii si uamuzi juu ya malalamiko yako."

Aya ya pili ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayookoa mambo baadaye. Usipoyaorodhesha malalamiko kama ulivyoyaelewa, siku ya kikao mtajikuta mnabishana kuhusu kilichoandikwa badala ya kilichotendeka. Mwalimu atasema alilalamikia bweni, wewe utasema hukuona bweni popote, na kikao kitavunjika.

Kwenye tarehe, andika siku yenyewe. "Ndani ya siku tano za kazi" inaonekana safi hadi ufungue kalenda. Kutoka 27 Machi 2026, siku tano za kazi zinaishia 8 Aprili, kwa sababu katikati pana Ijumaa Kuu tarehe 3, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6 na Siku ya Karume tarehe 7. Mwalimu asiyehesabu hivyo atadhani nafasi yake imepita. Vivyo hivyo usipange kikao tarehe 20 Machi, kwani Idi el-Fitri iko hapo hapo ikisubiri mwandamo wa mwezi.

Sheria haikuwekei idadi ya siku za kushughulikia malalamiko ndani ya shule. Siku hizo zimo kwenye kanuni zenu za utumishi au mkataba wa hali bora, kama mnao. Zisome kabla ya kuandika, maana zikisema siku saba na wewe ukaweka kumi na nne, utakuwa umevunja utaratibu wako mwenyewe kwa barua uliyoisaini.

Kuna maneno mawili ya kuyaepuka. "Pole kwa kuonewa" ni kukiri kabla ya uchunguzi. "Madai yako yasiyo na msingi" ni kuhukumu kabla ya uchunguzi. Ukiandika lolote kati ya hayo, hakuna atakayeamini kikao kinachofuata.

Nilimwita ofisini tukaongea vizuri akaondoka ameridhika. Bado niandike barua? (Mkuu wa shule, Dodoma)

Ndiyo. Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi. Aliyeandika hujibiwa kwa maandishi. Kama kweli ameridhika, barua yako iseme mlikutana siku gani na mlikubaliana nini, naye asaini nakala.

Malalamiko yanamtaja mwalimu wa taaluma kwa sababu yeye ndiye alipanga ratiba. Nimempelekea barua aandike jibu kwa mwalimu. Kuna tatizo? (Afisa utumishi, Arusha)

Lipo, na ni kubwa. Umemfanya mtu awe hakimu wa kesi yake. Mwalimu wa taaluma anatakiwa kuandika maelezo yake, si jibu. Maelezo hayo yaje kwako, yakiwa na ratiba ya zamani, ratiba mpya na sababu ya kila badiliko. Kisha mlalamikaji apewe nakala kabla ya kikao ili naye aweze kuyajibu.

Angalia pia anachokiandika humo. Mara nyingi chanzo cha nyongeza ni mwenzao aliyekwenda likizo ya uzazi, na siku 84 ni wiki 12, sehemu kubwa ya muhula. Hilo idara nzima inalijua. Lakini mwingine anapunguziwa vipindi kwa ugonjwa asiotaka utajwe. Hapo jibu kwa mlalamikaji liishie kwenye "mwalimu huyu amepunguziwa vipindi kwa sababu zilizothibitishwa na uongozi". Afya ya mtu ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na malalamiko ya vipindi si ruhusa ya kuitoa. Ukiitoa, unakuwa na malalamiko mawili mezani.

Mlalamikaji ana vipindi 30 vya dakika 40. Hiyo ni saa 20 kwa wiki, na sheria inaruhusu saa 45. Si nimwandikie tu kwamba hana hoja? (Meneja wa shule, Mwanza)

Usiandike hivyo. Umehesabu muda wa kusimama ubaoni peke yake. Chukua mwalimu wa Kiingereza mwenye mikondo minne ya Kidato cha Pili, vipindi 6 kila mkondo, na mkondo mmoja wa Kidato cha Nne wenye vipindi 6. Hivyo ni vipindi 30 na saa 20, kama unavyosema.

Sasa fungua kabati lake. Kila mkondo una wanafunzi 45, kwa hiyo ana madaftari 225. Akitoa insha moja kila wiki mbili na kutumia dakika 6 kwa kila insha, ni dakika 1,350 kwa wiki mbili, yaani saa 11 na robo kwa wiki. Maandalizi hayajirudii kwa kila mkondo, lakini ana madarasa mawili tofauti, kwa hiyo ni masomo 12 ya kuandaa. Kwa nusu saa kila moja ni saa 6. Umefika saa 37 na robo. Ongeza ulezi wa bweni, saa 2 kila jioni kwa siku nne, na jumla ni saa 45 na robo. Tayari umevuka ukomo wa kawaida, na bado hatujataja zamu wala vikao.

Mwenzake mwenye vipindi 24, mikondo ya wanafunzi 25 na asiye na bweni anaonekana amepungukiwa vipindi 6 tu. Kwa saa, pengo ni kubwa mno. Ndiyo maana kulinganisha vipindi peke yake hakufai. Barua yako ya kwanza itaje kumbukumbu mtakazokusanya: ratiba zote mbili, idadi ya wanafunzi kwa kila mkondo, orodha ya zamu na bweni, na ratiba ya mitihani. Mwombe naye alete hesabu yake, kisha chukueni rundo moja la insha na kupima dakika. Makadirio yake yanaweza kuzidi, na yako yanaweza kupungua.

Ukikuta saa zimezidi 45, hizo ni saa za ziada. Zinahitaji makubaliano, zinalipwa mara moja na nusu ya mshahara wa saa, na hazizidi 50 katika wiki nne. Saa zisipozidi, kutolingana tu hakuvunji sheria, isipokuwa mkataba umekiukwa au mgawanyo umefuata jinsia, ujauzito, dini, kabila au msingi mwingine uliokatazwa. Akionyesha dalili za ubaguzi wa aina hiyo, ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha kuwa haukuwepo. Kwa hiyo andika sababu za ratiba siku unayoipanga, usingoje kulalamikiwa.

Uchunguzi ukiendelea, nimpunguzie vipindi? (Mkuu wa shule, Tanga)

Vipindi visiguswe, ratiba ya darasa isivurugwe mara mbili kwa mwezi. Ulezi wa bweni unaweza kumwondolea kwa muda wa uchunguzi, ukisema wazi kwa maandishi kuwa ni hatua ya muda isiyoashiria uamuzi. Usichoruhusiwa kabisa ni kumwongezea. Na barua ya onyo inayomfikia mlalamikaji wiki hiyo hiyo itasomwa kama kisasi. Kutumia haki yake si sababu halali ya kumwadhibu, sembuse kumfukuza.

Nilipeleka barua yangu 2 Februari, nikajibiwa "imepokelewa na inafanyiwa kazi". Wiki ya saba hii. Nisubiri? (Mwalimu, Mbeya)

Usisubiri, Mwalimu. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unatakiwa kupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Zihesabu tangu ratiba ilipobadilishwa, ambapo ni kabla ya siku uliyopeleka barua. Usitegemee kwamba kusubiri jibu la shule kunazisimamisha. Ukiwa kwenye wiki ya saba umeshatumia zaidi ya siku 42.

Leo hii andika barua fupi ukirejea ile ya kwanza, omba tarehe ya kikao ndani ya siku tatu, na ipeleke na nakala yako igongwe muhuri. Siku hizo zikipita kimya, jaza Fomu Namba 1 ya CMA, mpe mwajiri nakala yake na ubaki na uthibitisho kuwa ameipokea. Ukichelewa, utalazimika kwanza kuomba kusamehewa ucheleweshaji kwa Fomu Namba 2, na "nilikuwa nangoja jibu" ni sababu ambayo huwezi kuwa na hakika kuwa itakubaliwa. Kwenye fomu usiandike "naonewa". Andika kilichovunjwa: saa, malipo ya saa za ziada, kifungu cha mkataba, au ubaguzi na msingi wake.

Walimu wanne wamesaini barua moja. Nijibu moja au nne? (Afisa rasilimali watu, Dar es Salaam)

Nne. Saa zao hazifanani. Kikao kinaweza kuwa kimoja wakikubali.

Haya yote yananihusu mimi wa shule ya serikali? (Mwalimu, Kigoma)

Saa na hesabu ndiyo, njia hapana. Mtumishi wa umma anatakiwa kumaliza kwanza ngazi za malalamiko zilizo ndani ya Sheria ya Utumishi wa Umma kabla ya kwenda kwenye sheria za kazi. Anza kwa Mkuu wa Shule, kwa maandishi, na nakala yako iwe na muhuri na tarehe.