Watu ninaowaona sebuleni

"Baba, Mama ananiambia unaona watu sebuleni na hakuna mtu. Ni akili imeanza kukutoka, au ni mashetani kama anavyosema mjomba? Tufanye nini?"

Mwanangu,

Namtajia mdogo wako maneno, yeye ndiye anayeandika.

Ni kweli nawaona. Juzi alasiri walikaa wanne mkekani, wanaume wa kimo cha birika, wamevaa kanzu na kofia za kudarizi. Nyuzi za kofia niliziona moja moja, na hapo ndipo nilipojua kwamba si watu. Presha ya macho imenimaliza. Mama yako akiniinamia uso wake siutambui, sasa nyuzi za kofia ng'ambo ya chumba nizionee wapi? Hawasemi neno, na nikifumba macho wanatoweka. Siku nyingine hapaji mtu, ukuta mzima unajaa miraba tu.

Daktari wa macho hakushangaa hata kidogo. Alisema inaitwa sindromu ya Charles Bonnet, msomi wa Geneva ambaye mwaka 1760 aliandika habari za babu yake: mzee aliyekaribia miaka 90, mtoto wa jicho amemfunika, akawa anaona watu, ndege na majengo huku akili yake timamu. Sehemu ya ubongo iliyozoea kupokea picha kutoka machoni, isipoletewa kitu, hujitungia zake. Si wazimu, wala si mwanzo wa wazimu. Wengi huwapungua baada ya mwaka au mwaka na nusu, ingawa wapo wanaokaa nayo miaka. Matone naendelea nayo kwa ajili ya nuru iliyobaki. Hao wageni hayawafukuzi.

Huja hasa nikiwa peke yangu, kimya, giza linaingia. Basi nawasha taa, au nasimama. Wakikaidi, natuliza kichwa na kupeleka macho kushoto na kulia, kama mara 15, kisha napumzika. Mara nyingi hilo latosha.

Mjomba wako mwache na ubani wake, unanukia vizuri. Ila asinifiche wala asiwakataze watu kuniuliza. Wazee wengi hunyamaza kwa kuogopa kuitwa vichaa, na kunyamaza ndiko kunakotisha.

Lakini shika hili: nikianza kuwasikia wakisema, au kushikilia kwamba wapo kweli, au nikipoteza siku na majina, au mwili ukikakamaa na kutetemeka, hayo si ya macho tena, nipelekeni hospitali. Vivyo hivyo yakinizidi ghafla nina homa au nimebadilishiwa dawa. Hapo msingoje hata kesho.

Ukija Idi niletee balbu kali ya sebuleni. Hii iliyopo mwanga wake hafifu, na mama yako anasema inatosha.

Baba yako