Kabla ya "kuliko", tazama unalinganisha nini na nini

Kwa misimu kadhaa nimekuwa nikiandika matangazo ya chama chetu cha msingi hapa Newala, yale ya chaki kwenye ubao wa mlangoni mwa ghala. Siku moja baada ya mnada niliandika:

"Bei ya korosho za Newala ni kubwa kuliko za Masasi."

Niliisoma mara mbili nikaridhika nayo, kumbe ina kasoro. Bei ninayoizungumzia ni moja, nayo inachukua "ya". Hiyo "za" inashika korosho. Basi upande mmoja wa mizani nimeweka bei, upande wa pili nimeweka korosho zenyewe.

Siku hizi nikishaandika "kuliko", nalirudisha lile neno lililofichwa baada yake. Hapa linatoka "kuliko korosho za Masasi", na hakuna anayesema bei ni kubwa kuliko korosho. Nikaandika upya: "kuliko bei ya korosho za Masasi". Neno limejirudia, lakini afadhali lijirudie. Ukitaka ufupi, sema "Bei ya korosho Newala ni kubwa kuliko ya Masasi", au "Newala bei ni kubwa kuliko Masasi". Hii ya mwisho ni sahihi, maana mahali pamewekwa mkabala na mahali.

Kipimo hichohicho hufichua utata panapotajwa watu. "Mjomba anamwamini karani kuliko mwenyekiti." Je, ni kuliko anavyomwamini mwenyekiti, au kuliko mwenyekiti anavyomwamini karani? Msomaji hawezi kujua. Ongeza hicho kitenzi chenye "-vyo-" na utata unaisha.

"Zaidi ya" nayo ilinifundisha kwa namna nyingine. Mimi huitumia inapofuatwa na idadi, na kwa sifa kama kubwa au zito natosheka na "kuliko". Nilikuwa nimetangaza zamu za kupima: wenye zaidi ya magunia 10 waje Jumatatu, wenye chini ya magunia 10 waje Jumanne. Jumatatu asubuhi mama mmoja alisimama mbele ya ubao muda mrefu, kisha akaniita.

"Mwanangu, mimi ninayo kumi kamili. Siku yangu ni ipi?"

"Shikamoo mama. Ngoja niangalie."

Niliangalia, nikaona hana siku. Zaidi ya 10 huanzia pale 10 inapopitwa, na chini ya 10 huishia kabla haijafikiwa. Kumi yenyewe nilikuwa nimeiacha nje pande zote mbili, na yeye alikuwa amekodi pikipiki ya matairi matatu kuleta mzigo. Nilifuta ubao palepale, nikaandika "wenye magunia 10 au zaidi, Jumatatu", tukaanza kupima ya kwake.