Hisa stahiki kwa bei ya punguzo: kinachoingia vitabuni na kisichoingia

Maswali ya safari hii yanahusu jambo moja, kwa hiyo nitayajibu yote kwa mfano mmoja. Kampuni ina hisa 8,000,000, kila moja ikiwa na thamani ya shilingi 10 iliyoandikwa kwenye katiba yake, na sokoni hisa hiyo inauzwa shilingi 50. Kampuni inawapa wanahisa wake haki ya kununua hisa moja mpya kwa kila hisa nne walizo nazo, kwa bei ya shilingi 40. Hisa mpya ni 2,000,000, na zote zikinunuliwa zitaleta shilingi 80,000,000.

Tumeuza hisa kwa 40 wakati sokoni ni 50. Hiyo hasara ya shilingi milioni 20 naiweka akaunti gani?

Usiiweke popote, kwa sababu kampuni haikupata hasara. Vitabu vya kampuni havijui bei ya soko. Vinajua fedha iliyopokelewa na hisa zilizotolewa. Shilingi 50 ni bei ambayo wanahisa huuziana wao kwa wao, na kampuni haikuwahi kuwa na milioni hizo 20 mkononi hata ikazipoteza. Ingizo lenyewe ni fupi: debiti benki 80,000,000, krediti mtaji wa hisa 20,000,000, yaani hisa milioni mbili kwa thamani ya shilingi 10, krediti ziada ya hisa 60,000,000, ambayo ni zile shilingi 30 za kila hisa zilizozidi thamani hiyo.

Nimewahi kukagua vitabu ambavyo mhasibu wake alikrediti ziada ya hisa milioni 80, kana kwamba hisa ziliuzwa kwa shilingi 50, kisha akadebiti milioni 20 kwenye gharama za mwaka kwa jina la «punguzo kwa wanahisa». Benki ililingana na mizania ililingana, ndiyo maana kosa lilikaa hadi ukaguzi. Lakini faida ya mwaka ilikuwa imepungua kwa milioni 20 ambazo hakuna aliyezitumia. Njia ya kuligundua kosa hili ni rahisi: chukua ongezeko la mtaji wa hisa, jumlisha na ongezeko la ziada ya hisa kabla ya kutoa gharama, kisha linganisha na fedha zilizoingia benki. Jumla ikizidi fedha, kuna punguzo lililoingizwa kimakosa.

Punguzo linaloleta tatizo la kisheria ni lile la chini ya thamani iliyoandikwa, yaani kama hisa hizi zingeuzwa kwa shilingi 8. Sheria za kampuni za nchi nyingi hulikataza. Na pale ambapo sheria imeondoa kabisa thamani ya kuandikwa, akaunti ya ziada huwa haihitajiki, na milioni 80 zote huingia kwenye mtaji wa hisa.

Wanahisa walianza kulipa wiki tatu kabla ya hisa kugawiwa. Je, fedha hizo ni mtaji tangu siku zinapoingia?

Bado. Mpaka hisa zitakapogawiwa, mwombaji anaweza kurudishiwa fedha yake, kwa mfano toleo likiahirishwa au akiwa ameomba hisa nyingi kuliko stahiki yake na zisipatikane. Kwa hiyo debiti benki, ikiwezekana akaunti ya benki iliyotengwa kwa ajili ya toleo hili peke yake, na krediti akaunti ya fedha za maombi ya hisa, ambayo ni deni la kampuni. Siku ya ugawaji, akaunti hiyo inadebitiwa na kiasi chake kuhamia kwenye mtaji na ziada kama nilivyoonyesha hapo juu, na kilichozidi hurudishwa kwa waombaji. Baada ya hapo akaunti ya maombi inapaswa kubaki sifuri. Ikibaki na salio, linganisha orodha ya msajili wa hisa na taarifa ya benki mstari kwa mstari, kwani mara nyingi utakuta malipo yaliyokuja bila namba ya mwanahisa.

Tulilipa wanasheria, mdhamini wa toleo, uchapaji wa waraka na ada ya soko, jumla milioni 3. Mkurugenzi anataka pia mishahara ya idara ya fedha iingie humo. Ni sahihi?

Milioni 3 ni sahihi. Mishahara si sahihi. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 32 kinaruhusu kupunguza kwenye fedha za wanahisa zile gharama tu ambazo zimetokana moja kwa moja na toleo na ambazo zisingekuwepo kama toleo lisingefanyika. Wafanyakazi wa idara ya fedha wangelipwa tu, toleo liwepo lisiwepo, hivyo mishahara yao ni gharama ya mwaka. Pale sheria inaporuhusu akaunti ya ziada itumike hivyo, debiti ziada ya hisa 3,000,000 na krediti benki 3,000,000. Ziada inabaki 57,000,000, mtaji wa hisa hauguswi, na fedha halisi iliyopatikana ni 77,000,000.

Angalieni hapa pia wakala anayekata ada yake kabla ya kupeleka fedha. Benki itaonyesha kiasi pungufu, na mhasibu mwenye haraka ataandika hicho hicho kama mapato ya toleo. Andika mapato kamili, kisha gharama kwa ingizo lake, ili kila gharama ionekane na ipimwe kama kweli inastahili kutolewa kwenye ziada. Na kama toleo likivunjika njiani, gharama zote zilizokwisha kutumika zinahamia kwenye faida na hasara.

Mimi nina hisa 400 tu. Baada ya toleo bei imeshuka hadi 48. Kampuni imenila?

Hapana, ikiwa uliitumia haki yako. Hisa nne za shilingi 50 na moja ya shilingi 40 ni shilingi 240 kwa hisa tano, yaani 48 kila moja, na hapo ndipo bei inapotarajiwa kutua kihesabu, ingawa soko linaweza kwenda kwingine. Kabla ya toleo ulikuwa na shilingi 20,000. Ukinunua hisa zako 100 kwa shilingi 4,000, unakuwa na hisa 500 zenye thamani ya 24,000, na hujapungukiwa. Ukiiuza haki kwa shilingi 8 kwa kila hisa mpya, pale inapouzika, unapata 800 juu ya hisa zako za 19,200, nazo ni 20,000 zile zile. Anayeumia ni aliyeacha tarehe ya mwisho ipite bila kununua wala kuuza: huyo amebaki na 19,200, isipokuwa masharti ya toleo yawe yanamlipa kitu kwa haki alizoziacha.

Kwa nini faida kwa kila hisa ya mwaka jana imebadilika kutoka 3.00 hadi 2.88, wakati hesabu zile zilishakaguliwa?

Hapa ndipo lile punguzo linapojitokeza. Kuuza kwa 40 kilicho na thamani ya 50 ni sawa na kuuza sehemu ya hisa kwa bei kamili na kutoa nyingine bure, na hisa za bure hazileti fedha. IAS 33 inataka sehemu hiyo ya bure ihesabiwe kana kwamba ilikuwepo tangu mwanzo, ili miaka miwili ilinganishike. Chukua 3.00, zidisha kwa 48, gawanya kwa 50, unapata 2.88. Faida ya mwaka jana yenyewe, shilingi 24,000,000, haijabadilika hata shilingi moja. Kilichobadilika ni idadi ya hisa inayoigawa.