Kilichohama ni nini? Swali la karai la mafuta kwenye mtihani wa mzio

Wadogo zangu mnaojiandaa na mtihani wa cheti cha kudhibiti mzio wa chakula, nianze na swali lililoniumbua mimi. Liliniumbua kwa sababu lilihusu karai la mafuta, na kwa mpishi wa Mwanza karai la mafuta ni kama kasia kwa mvuvi.

Mpishi amekaanga minofu ya samaki ikaiva vizuri hadi ndani, nyuzi joto 63. Baadaye akatumbukiza viazi kwenye mafuta yaleyale, yana nyuzi 180, na chips zikapelekwa kwa mteja mwenye mzio wa samaki. Hili ni tatizo gani: krosi-kontaminesheni, krosi-kontakti, au hakuna tatizo kwa kuwa mafuta yana moto wa kutosha?

Jikoni kwetu wengi wangejibu hilo la mwisho. Mimi nilichagua la kwanza, nikaona nimecheza salama. Jibu ni krosi-kontakti.

Sababu iko kwenye kile kilichohama. Katika krosi-kontaminesheni kinachohama ni kitu kinachoweza kumdhuru yeyote atakayekula: mara nyingi bakteria au virusi, ingawa hata kemikali na vipande vya chupa huingia humo. Katika krosi-kontakti kinachohama ni protini ya chakula chenyewe, chakula kizima kisicho na kasoro, ambacho mimi na wewe tungekila tukalamba vidole. Anayedhurika ni mwenye mzio peke yake. Samaki wa kwenye swali alikuwa ameiva, hana kijidudu cha kuhofia. Chembe zake ndizo zilizobaki kwenye mafuta zikagandia viazi.

Na moto hauziondoi. Bakteria ni kiumbe hai, ukimpa joto la kutosha anakufa. Protini haina uhai wa kuutoa. Joto linaweza kuibadili umbo, lakini mwili wa mwenye mzio bado unaweza kuitambua. Ila msiufanye moto kuwa kipimo cha kutofautisha maneno haya mawili, kama wengi wanavyokariri. Kuna bakteria wanaoacha sumu isiyoharibika kwa kupikwa, na hiyo bado ni krosi-kontaminesheni. Ulizeni kilichohama.

Tujaribu na ubao wa kukatia. Umepasulia sangara mbichi, halafu hapohapo ukakatia nyanya za kachumbari. Swali likisema tu "mteja", bila kutaja mzio, jibu ni krosi-kontaminesheni, maana vijidudu vya samaki mbichi vimeingia kwenye chakula kisichopikwa. Likiongeza kwamba mteja ana mzio wa samaki, yote mawili yametokea, na itabidi usome swali linauliza hatari ipi. Sasa badilisha neno moja tu: sangara awe ameshapikwa, na ubao ulikuwa safi. Hapo imebaki krosi-kontakti peke yake. Watunzi wanapenda sana kuficha jibu kwenye neno "mbichi" au "aliyeiva", na ukisoma haraka linakupita.

Mtego mwingine ni klorini. Wataandika kwamba mpishi alipangusa ubao, akauzamisha kwenye maji ya klorini, kisha akaandaa chakula cha mwenye mzio. Inavutia kusema yuko sawa. Hapana. Klorini huua vijidudu, haiondoi protini iliyogandia ubaoni. Inayoiondoa ni sabuni, maji na kusugua, kisha kusuuza, ndipo utakase. Vivyo hivyo kwa mchicha wa karanga: mwiko uliopanguswa kwa kitambaa bado una karanga, na hicho kitambaa sasa kinayo pia.

Jambo la mwisho ni la lugha. Mitihani ya mtindo wa Kimarekani hutenganisha maneno haya, na Kodeksi, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020 wa udhibiti wa mzio, hutumia krosi-kontakti. Lakini vitabu vya Uingereza mara nyingi huita hata kuhama kwa protini krosi-kontaminesheni. Mwenzangu mmoja alisomea vitabu vya huko akafanya mtihani wa Kimarekani, akabishana na kila swali. Kwa hiyo angalieni kwanza cheti chenu ni cha upande gani. Na kama kwenye machaguo krosi-kontakti haipo kabisa, huku swali likieleza karanga zilizodondokea kwenye saladi, chagueni krosi-kontaminesheni: mtunzi huyo anatumia neno moja kwa yote mawili.