Afisa ajira amekaa kimya wiki ya tatu: umwandikie nini

Kama ndiyo kwanza unaanza kutafuta kazi, hili litakukuta mapema. Afisa ajira anakupigia, mnaongea vizuri karibu nusu saa, anakuaga kwa "tutakutafuta wiki ijayo", halafu kimya.

Nimesubiri simu za namna hiyo, na baadaye nikakaa kwenye dawati hilo la ajira. Anayekupigia mara nyingi si mwenye uamuzi. Anachuja majina, anayapeleka kwa meneja wa idara, kisha na yeye anasubiri: meneja yuko safarini, bajeti haijapitishwa, au kuna mtu wa ndani anaangaliwa kwanza. Ukimwandikia "naomba kujua kama nimepata", unamuuliza asichokijua, na barua yako inalala. Muulize anachokijua.

Niliwahi kuomba nafasi ya mhasibu msaidizi Dar es Salaam. Wiki niliyoahidiwa ilipopita niliongeza siku tatu za kazi, nikajibu ndani ya barua pepe ileile aliyonitumia kupanga simu, ili asihangaike kukumbuka mimi ni nani:

"Habari za asubuhi dada. Tulizungumza tarehe 4 kuhusu nafasi ya mhasibu msaidizi, ukasema orodha ya usaili ingetoka wiki iliyofuata. Bado naitaka nafasi hii. Je, orodha imeshatoka, au mchakato unaendelea? Asante."

Alijibu mchana uleule: bado, meneja yuko likizo hadi mwisho wa mwezi. Hapo nikajua niulize tena lini.

Angalia kilichokosekana kwenye ujumbe ule. Hakuna "samahani kwa usumbufu", hakuna "nimesubiri sana", wala hadithi ya kodi ya nyumba. Na usimfuate wasapu kama yeye hakuanza kukuandikia huko.

Asipojibu kabisa, subiri siku saba hadi kumi, uandike tena ukiwa na jambo jipya. Mfano, matokeo ya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, yametoka na umefaulu somo. Hilo anaweza kumpelekea meneja, na jina lako likarudi mezani. Barua ya tatu iwe ya mwisho: mwambie unaelewa huenda wamempata mtu, na nafasi nyingine ikitokea akukumbuke. Baada ya hapo acha.

Ukipata kazi kwingine kweli, mwambie na tarehe unayotakiwa kujibu. Usiibuni. Nimeona waombaji wakijibiwa "hongera, chukua hiyo", na jina likafutwa siku hiyohiyo.

Ila kazi kubwa ifanyie kwenye ile simu ya kwanza. Kabla hamjaagana uliza, "Nisiposikia kutoka kwako, nikuulize lini?" Tarehe atakayoitaja iandike kwenye ujumbe wa shukrani jioni hiyo. Siku hiyo ikifika, unauliza kwa ruhusa yake mwenyewe.