Barua ya onyo kwa mchelewaji

"Niandikeje onyo kwa kijana anayechelewa kila wiki, bila ionekane nina hasira naye?"

Weka tarehe na saa, ondoa maneno yote ya kumhukumu tabia. "Mzembe" na "hujali kazi" hazithibitishiki. Daftari la mahudhurio linathibitishika. Mfano:

"Zamu yako huanza saa 2:00 asubuhi. Tarehe 3 Machi uliingia saa 2:25, tarehe 7 saa 2:40, na tarehe 12 saa 2:20. Tarehe 8 ulionywa kwa mdomo. Kuanzia kesho uwe kazini saa 2:00. Ukikwama, mpigie msimamizi kabla ya saa hiyo. Ukichelewa tena bila sababu ya kuridhisha ndani ya miezi 3, utaitwa kwenye kikao cha nidhamu, na kikao kinaweza kuamua uachishwe kazi."

Usiandike "utafutwa papo hapo". Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinataka asikilizwe kwanza, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama.

Wapo wanaosema lazima barua 3 za onyo kabla ya kumwachisha mtu kazi. Sheria hiyo haikuweka idadi, ila kanuni za kampuni yenu huenda zimeweka, kwa hivyo zisome kwanza.

Mwachie nafasi ya kujieleza chini ya barua, na uandike kwamba sahihi yake ni ya kupokea tu, la sivyo atakataa kutia. Mfanyakazi wangu mmoja aliandika kwamba sababu ni "feri ya Likoni". Nikaiacha vivyo hivyo kwenye faili, ingawa wenzake wanaovuka naye walifika mapema.